Simu Iko Kirumba, Kampuni Iko Nairobi: Ni Sheria ya Nani Inayolinda Taarifa Zako?

Tuchukue mfano wa kubuni, ingawa si mgeni kwa mtu anayefanya biashara Mwaloni Kirumba jijini Mwanza. Mama mmoja anayeuza dagaa kwa jumla amepungukiwa mtaji. Anapakua programu ya mkopo kwenye simu, anakubali vigezo na masharti bila kuyasoma, anairuhusu programu isome namba zote alizohifadhi, na baada ya dakika chache anaingiziwa shilingi laki mbili. Marejesho yanapochelewa kwa wiki moja, watu wake wanaanza kupokea ujumbe unaomtaja kwa jina kuwa ni mdaiwa sugu. Miongoni mwao yumo mteja wake wa Kisumu, yumo raia wa Uganda anayeishi Igoma na kununua mzigo kwake, na yumo binamu yake wa Bunda. Kampuni inayoendesha programu hiyo imesajiliwa Nairobi, na seva zinazotunza namba hizo ziko Ireland. Wale waliotumiwa ujumbe hawajawahi kubonyeza wala kukubali chochote.

Swali la kwanza linalomjia kila mtu ni hili: tumshtaki wapi? Ni swali halali, lakini limebeba maswali manne ambayo ni lazima yatenganishwe, kwa sababu jibu la moja halileti jibu la jingine. Kwanza, je, sheria ya ulinzi wa taarifa ya nchi fulani inamfikia mtu huyu na kampuni hii? Pili, ni mdhibiti gani au mahakama gani yenye mamlaka ya kusikiliza shauri? Tatu, chombo hicho kitatumia sheria ya nchi gani kuamua nani amekosea? Nne, uamuzi ukishatoka, nani atautekeleza? Mtu anayeyachanganya maswali haya huishia kushinda shauri mahali ambapo ushindi hauna wa kumkamata.

Nchi tatu, viungo vitatu

Nchi tatu zinazogawana Ziwa Victoria zote zina sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi, nazo zimetungwa ndani ya kipindi kifupi: Kenya na Uganda mwaka 2019, na Tanzania mwaka 2022, sheria yake ikianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Kwa mbali zinafanana sana, na wasomaji wengi huridhika hapo. Zinatofautiana pale sheria inapoeleza inamgusa nani, yaani kiungo kinachoifunga nchi na tukio lililovuka mpaka.

Sheria ya Kenya, katika kifungu cha 4, ina milango miwili. Wa kwanza unamhusu anayekusanya au kuchakata taarifa ambaye ana makao au ukaazi wa kawaida Kenya na anachakata taarifa hizo akiwa Kenya. Wa pili unamhusu asiye na makao Kenya, lakini anayechakata taarifa za watu walioko Kenya. Kwa hiyo kiungo cha mlango wa pili ni mahali alipo mhusika wa taarifa, yaani mtu ambaye taarifa ni zake, bila kujali uraia wake.

Sheria ya Uganda imechukua njia nyingine. Inawagusa wote wanaokusanya, kuchakata, kushika au kutumia taarifa binafsi ndani ya Uganda, kisha inawafuata walioko nje ya Uganda iwapo taarifa wanazozishughulikia zinamhusu raia wa Uganda. Hapa kiungo ni uraia. Mganda anakwenda na sheria yake popote aendapo, angalau kwenye karatasi, lakini Mtanzania anayeishi Kampala hapati ulinzi huo dhidi ya kampuni iliyoko nje.

Sheria ya Tanzania inashikilia zaidi ardhi. Inamgusa mkusanyaji au mchakataji aliye mkaazi wa Jamhuri ya Muungano, na asiye mkaazi inamgusa endapo uchakataji unafanyika ndani ya Jamhuri ya Muungano, isipokuwa kama taarifa zinapita tu nchini zikielekea kwingine. Haiulizi mhusika ni raia wa wapi. Swali lake ni wapi kitendo cha kuchakata kilitokea.

Sasa turudi kwa watu wetu. Mteja wa Kisumu analindwa na sheria ya Kenya bila ubishi, kwani yuko Kenya na kampuni iko Kenya. Mama wa Kirumba hayuko Kenya, lakini anaingia kwa mlango wa kwanza, kwa sababu kampuni ina makao Nairobi na wafanyakazi wake wanazifanyia kazi namba hizo wakiwa Nairobi, na mlango huo hauulizi mhusika yuko wapi. Jambo hili husahaulika mno. Watu hudhani sheria ya nchi hulinda wakazi wake tu, kumbe sheria inayoifunga kampuni nyumbani kwake humlinda hata mteja wake wa ng'ambo. Mganda wa Igoma ana sheria ya Uganda kwa sababu ya uraia wake na sheria ya Kenya kwa sababu ya makao ya kampuni. Akiweza kuthibitisha kuwa uchakataji ulitokea Tanzania, anayo ya tatu.

Badilisha jambo moja tu, na picha inageuka. Sema kampuni haiko Nairobi bali katika nchi ya mbali ya Asia, haina ofisi wala wakala Afrika Mashariki, na mdaiwa ni mfanyabiashara Mnyarwanda anayeishi Mwanza. Kwa Kenya, mlango wa kwanza umefungwa kwa kuwa kampuni haina makao huko, na wa pili umefungwa kwa kuwa yeye hayuko huko. Kwa Uganda, yeye si raia. Kinachobaki upande huu wa ziwa ni sheria ya Tanzania, na tegemeo lake lote ni swali moja: je, programu inaposoma namba kwenye simu iliyoko Kirumba, uchakataji umefanyika Tanzania?

Simu ya Kirumba ni Tanzania?

Ningependa tukae kidogo kwenye swali hili, kwa sababu ndilo litakalobishaniwa zaidi katika mashauri ya huku kwetu, na Ulaya walilipitia miaka zaidi ya ishirini iliyopita.

Wakili wa kampuni atasema hivi: programu ni maandishi tu yaliyo kwenye simu ya mteja, kazi ya kweli ya kuhifadhi, kupanga, kukadiria uwezo wa kulipa na kutuma ujumbe inafanyika kwenye seva za Ireland na ofisi za ng'ambo, na Tanzania ni mahali ambapo taarifa zilianzia safari. Wakili wa mdaiwa atajibu kwamba sheria inahesabu kukusanya kuwa sehemu ya kuchakata, na namba zilikusanywa pale pale simu ilipokuwa. Namba hizo hazikuingia nchini kutoka kwingine na kutoka tena, bali zilichukuliwa kwenye simu iliyo mkononi mwa mtu aliye Mwanza, hivyo msamaha wa taarifa zinazopita hauwezi kutumika.

Kwa maoni yangu hoja ya pili ndiyo yenye nguvu, na historia inaiunga mkono. Mwongozo wa Umoja wa Ulaya wa mwaka 1995 ulikuwa na wazo linalofanana na hili: mkusanyaji asiye na makao Ulaya alifungwa na sheria ikiwa alitumia vifaa vilivyoko katika nchi mwanachama, isipokuwa kama vilitumika kupitishia taarifa tu. Mwaka 2002 kikosi kazi cha wadhibiti wa Ulaya kilitoa maoni kwamba tovuti ya nje inayoweka faili dogo la kumbukumbu kwenye kompyuta ya mtu aliyeko Ulaya inatumia kifaa kilichoko Ulaya. Ikiwa faili dogo kwenye kompyuta lilitosha, programu nzima inayofungua orodha ya majina kwenye simu ina uzito mkubwa zaidi.

Lakini tafsiri hiyo ilikuwa na gharama yake, nayo ndiyo iliyowafanya Wazungu waiache. Ukisema kila kifaa kinaleta sheria ya mahali kilipo, basi tovuti yoyote duniani inafungwa na sheria ya kila nchi ambako mtu aliifungua, hata kama mwenye tovuti hajawahi kuifikiria nchi hiyo. Kwa hiyo Kanuni ya Jumla ya Ulinzi wa Data, iliyoanza kutumika tarehe 25 Mei 2018, ikabadilisha kiungo. Ibara yake ya 3 inamfikia asiye na makao katika Umoja ikiwa anawalenga watu walioko humo kwa bidhaa au huduma, au anafuatilia mienendo yao inayotokea humo. Neno kubwa ni kulenga. Bodi ya wadhibiti wa Ulaya imeeleza katika mwongozo wake kwamba mtalii wa Marekani anayetumia, akiwa Ulaya, programu iliyokusudiwa soko la Marekani peke yake hailetei programu hiyo sheria ya Ulaya.

Linganisha na mlango wa pili wa Kenya, usio na sharti la kulenga. Ukiusoma kwa herufi zake, mwanachama wa chama cha akiba na mikopo cha Mwanza akivuka Sirari na kulala Kisumu usiku mmoja, kisha akaangalia salio lake kwa simu, chama hicho kimechakata taarifa za mtu aliyeko Kenya. Sidhani kama kuna mdhibiti atakayemfuata mtu kwa jambo hilo, wala sidhani mahakama ingelikubali bila kuuliza zaidi. Hata hivyo maandishi yanaruhusu, na hapo mwanasheria wa upande wa utetezi ana kazi ya kufanya.

Kwa nini nchi inyooshe mkono nje?

Kuna wanaoliona jambo hili kuwa ni ubabe: nchi inatunga sheria kwa ajili ya watu ambao haijawahi kuwaona. Sheria ya kimataifa inalitazama kwa namna tofauti, na shauri linalotajwa mara nyingi ni la ajali ya meli. Mwezi Agosti 1926 meli ya Kifaransa iitwayo Lotus iligongana na meli ya Kituruki kwenye bahari kuu, Waturuki wanane wakafa, na meli ya Kifaransa ilipofika Istanbul ofisa wake akashtakiwa chini ya sheria ya Uturuki. Ufaransa ikalalamika. Mwaka 1927 Mahakama ya Kudumu ya Haki ya Kimataifa ikaamua kwamba Uturuki haikuvunja sheria ya kimataifa, kwa kuwa matokeo ya kitendo yalitua kwenye meli ya Kituruki. Katika hukumu hiyo mahakama ilitenganisha mambo mawili. Nchi haiwezi kutumia nguvu zake ndani ya nchi nyingine bila ruhusa, lakini inao uhuru mpana wa kutunga sheria zinazogusa matendo ya nje, na kuwahukumu wahusika ikiwapata kwake. Wanasheria wa leo wanaona uhuru huo ulielezwa kwa upana kupita kiasi, na wanataka kiungo cha kweli kati ya nchi na tukio. Utengano wenyewe umebaki.

Kwenye taarifa binafsi, viungo vya kweli ni rahisi kuvipata. Aibu anayopata mama wa Kirumba mbele ya wateja wake inatokea Kirumba, si Ireland. Serikali ambayo Katiba yake, katika ibara ya 16, inamhakikishia mtu faragha yake haiwezi kumwambia kwamba haki hiyo inakoma kwa sababu seva iko ng'ambo.

Kuna sababu nyingine ambayo haisemwi sana hadharani, nayo ni ya kibiashara. Tuseme sheria inaishia mpakani. Mkopeshaji aliyesajiliwa Mwanza atajisajili kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ataajiri afisa wa ulinzi wa taarifa, na atafuata masharti ya kusafirisha taarifa nje ya nchi. Mshindani wake aliyeko nje atawakopesha watu wale wale bila gharama hizo hata moja. Baada ya muda mfupi yule wa Mwanza naye atahamishia usajili wake nje. Sheria isiyovuka mpaka inakuwa kodi kwa walioamua kubaki nyumbani.

Uganda imeonyesha jinsi hoja hii inavyofanya kazi. Mwezi Julai 2025 ofisi yake ya ulinzi wa taarifa binafsi iliamua malalamiko ya raia wanne dhidi ya Google. Kampuni ilijitetea kwamba haina makao Uganda na hivyo hailazimiki kujisajili. Ofisi ikakataa utetezi huo, ikiona kwamba kampuni inakusanya na kuchakata taarifa za Waganda, na ikaiagiza ijisajili ndani ya siku 30. Ni rahisi kuona kwa nini: kama ukubwa wa kampuni na umbali wa makao yake vingekuwa kinga, wadogo wa Kampala ndio pekee wangebaki kwenye rejista.

Mdhibiti hatumii sheria ya jirani

Watu waliozoea mashauri ya mikataba hushangazwa na kanuni hii. Katika shauri la madai, mahakama ya Tanzania inaweza kupokea na kutumia sheria ya Kenya, ikithibitishwa kwa ushahidi kama jambo la kweli. Mdhibiti hana uwezo huo. Tume ya Dodoma inatoa adhabu kwa sheria ya Tanzania tu, na kamishna wa ulinzi wa taarifa wa Nairobi kwa sheria ya Kenya tu. Kwa hiyo mbele ya mdhibiti, swali la nani anasikiliza na swali la sheria ipi yanaungana kuwa moja: sheria yake ikikufikia, anasikiliza, isipokufikia, mlango umefungwa.

Shauri lililoeleza hili vizuri lilitoka Hungaria, na linakaribia sana mfano wetu. Weltimmo ilikuwa kampuni iliyosajiliwa Slovakia iliyoendesha tovuti za kutangaza nyumba zilizoko Hungaria. Mwezi wa kwanza tangazo lilikuwa bure, kisha malipo yalianza. Watu wengi waliandika barua pepe kuomba matangazo na taarifa zao zifutwe, hawakusikilizwa, wakaendelea kudaiwa, na majina yao yakapelekwa kwa wakusanya madeni. Mdhibiti wa Hungaria akaipiga faini ya forinti milioni 10. Kampuni ikasema: sisi ni wa Slovakia.

Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua tarehe 1 Oktoba 2015. Ilisema usajili peke yake hauamui kampuni ina makao wapi. Kampuni yenye shughuli halisi, hata ndogo, kupitia mpangilio wa kudumu katika nchi, ina makao katika nchi hiyo kwa madhumuni ya sheria ya taarifa. Vilivyotazamwa ni vitu vya kawaida kabisa: tovuti kwa lugha ya Kihungari kuhusu nyumba za Hungaria, mwakilishi mmoja aliyejadiliana na wateja kuhusu madeni na kuiwakilisha mahakamani, akaunti ya benki ya kupokelea malipo, na sanduku la barua. Lakini mahakama ikaongeza kwamba iwapo sheria ya nchi nyingine ndiyo itakayoonekana kutumika, mdhibiti wa Hungaria anaweza kuchunguza malalamiko, ila hawezi kutoa adhabu kwa aliye nje ya mipaka yake. Anapaswa kumwomba mwenzake wa nchi husika. Ndani ya Umoja wa Ulaya ombi hilo lina utaratibu wa kisheria. Afrika Mashariki haina mdhibiti wa pamoja wa taarifa binafsi, kwa hiyo ushirikiano wa Dodoma, Nairobi na Kampala unategemea makubaliano na nia njema.

Na kile kifungu cha mwisho kwenye vigezo na masharti, kinachosema mkataba huu utaongozwa na sheria za nchi fulani na migogoro itasikilizwa na mahakama za nchi hiyo? Kina nguvu kati ya kampuni na mama aliyebonyeza, tena si nguvu isiyo na mipaka. Mahakama hiyo hiyo ya Ulaya iliamua mwaka 2016, katika shauri lililohusu Amazon, kwamba kifungu cha namna hiyo ni cha dhuluma kikimfanya mlaji aamini kuwa sheria iliyotajwa ndiyo pekee inayomhusu. Kwa mdhibiti, kifungu hicho hakimzuii kitu, kwa sababu watu wawili hawawezi kukubaliana kwamba sheria ya nchi isiwafikie. Na kwa binamu wa Bunda, ambaye hakusaini chochote, kifungu hakipo.

Uamuzi ukishatoka

Hapa ndipo maneno makubwa ya sheria hupungua kimo. Kampuni ya Clearview AI ya Marekani ilikusanya picha za nyuso za watu kutoka mtandaoni na kuuza huduma ya kuzitafuta. Haina ofisi Ulaya. Mwaka 2022 wadhibiti wa Italia, Ugiriki na Ufaransa kila mmoja aliipiga faini ya euro milioni 20, na mwaka 2024 mdhibiti wa Uholanzi akaongeza euro milioni 30.5. Mwaka 2023 Ufaransa ilitoza euro milioni 5.2 nyingine kwa sababu agizo lake la kwanza halikutekelezwa. Faini zinapopandiana juu ya faini, ujue kuna mtu ambaye hajafikiwa.

Tatizo ni kanuni ya zamani ya sheria za nchi nyingi, kwamba mahakama haikusanyi kodi wala adhabu za serikali nyingine. Kanuni hiyo inaigusa moja kwa moja kesi yetu. Kenya ina sheria ya kutekeleza hukumu za nje kwa msingi wa kupeana, na Tanzania na Uganda zimo kwenye orodha ya nchi zinazotambuliwa. Hukumu ya fidia iliyotolewa na Mahakama Kuu ya Tanzania inaweza kusajiliwa Nairobi na kukaziwa kama hukumu ya huko, ingawa mahakama ya Kenya itauliza kwanza kama kampuni iliyoshtakiwa ilikuwa na uhusiano wa kutosha na mahakama ya Tanzania, kwa mfano kama ilikuwa na ofisi Tanzania au ilifika na kujitetea bila kupinga mamlaka. Faini ya Tume haina njia hiyo, kwa kuwa sheria ya Kenya inaziondoa adhabu. Kwa maneno mengine, shilingi inayolipwa kwa mama kama fidia inaweza kuvuka Sirari, lakini shilingi inayolipwa kwa serikali kama adhabu inabaki upande iliyotolewa.

Ndiyo maana nchi zinazotaka matokeo ya haraka hutafuta kitu ambacho tayari kiko mikononi mwao. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza majukwaa na programu 69 za mikopo ya mtandaoni zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni na kuelekeza zifungiwe. Sheria iliyotumika ni ya leseni za fedha, na hapakuwa na haja ya kubishana seva iko wapi.

Kwa mama wa Kirumba, basi, ningeanzia Nairobi. Huko ndiko sheria inakomfikia kwa sababu ya makao ya kampuni, na ndiko kuna akaunti, leseni na wakurugenzi wa kampuni, hivyo agizo la kamishna lina wa kumshika. Sheria ya Kenya haisemi mlalamikaji awe Mkenya, na inamtaka kamishna amalize uchunguzi ndani ya siku 90. Wala hatakuwa wa kwanza: Septemba 2023 ofisi hiyo ilimtoza mkopeshaji wa mtandaoni, Mulla Pride, shilingi 2,975,000 za Kenya kwa kutumia majina na namba za watu kuwatumia ujumbe wa vitisho. Malalamiko ya Dodoma yaende sambamba, lengo lake likiwa agizo la kusitisha uchakataji nchini. Mganda wa Igoma anaweza kuandika Kampala, lakini kama kampuni haina wateja wala fedha Uganda, sioni atakachokipata huko ambacho Nairobi haitampa.

Mambo yakiwa magumu zaidi, yaani kampuni iko mbali na inakana kuwapo nchini, ushahidi wa kutafuta ni ule wa Weltimmo. Meseji ya mtandao wa simu iliyothibitisha kuingia kwa zile laki mbili inaonyesha jina la biashara lililotuma fedha, na marejesho yanalipwa kwa namba ya kampuni ambayo mtu fulani aliisajili Tanzania kwa vyeti vyake. Nani alipiga simu kudai, kwa Kiswahili gani, na kwa namba inayoanza na +255 au +254? Programu ilikuwa na ruhusa zipi siku hiyo, na ukurasa wa faragha ulisema nini kabla haujabadilishwa? Picha za skrini za vitu hivyo, zenye tarehe, zipigwe kabla programu haijafutwa kwenye simu, kwa sababu ikishafutwa ukurasa wa ruhusa unaondoka nayo.